Kuhamisha heshima ya "Wako mtiifu" kwenye barua pepe ya Kiingereza

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Iringa aliniomba nimpitie barua pepe aliyotaka kuituma ofisi ya udahili ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Alikuwa amepata nafasi ya shahada ya uzamili, ila chuo alichosomea hapa nyumbani kilikuwa kimechelewa kutoa transkripti yake, na siku ya mwisho ya kuiwasilisha ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Machi. Alihitaji wiki moja zaidi. Maelezo yake ya juu yalikuwa mafupi na yanaeleweka. Nilipofika mwisho nikakuta hivi:

```
It is my hope that my request will be considered and given the weight it deserves. I thank you in advance for your cooperation. I wish you good work. I beg to submit.

Yours obediently,
```

Sarufi haina kosa. Aliyezoea barua za kikazi anaisikia barua ya Kiswahili iliyo chini yake, sentensi kwa sentensi: Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litafikiriwa na kupewa uzito unaostahili. Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wako. Nakutakia kazi njema. Naomba kuwasilisha. Wako mtiifu. Kwetu huo ni mwisho wa mtu mwenye adabu zake. Ofisa wa udahili kule Uingereza haisikii adabu hiyo. Anasikia mtu anayemsukuma, anayemshukuru kwa jambo ambalo yeye bado hajalikubali, na anayesaini kama karani wa zama za ukoloni.

Wapo wanaoshauri kufuta yote na kuandika "Thanks" peke yake. Mimi siafiki. Mwalimu huyu anamheshimu kweli mtu anayemwomba, na heshima hiyo inastahili kufika. Kwa hiyo tulikaa chini tukauhamisha mwisho wake kidogo kidogo, na hatua tulizopita ndizo ninazoziandika hapa.

Anza kwa Kiswahili, uipe kila sentensi jina la kazi yake

Andika mwisho wako kama ungekuwa unamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri. Usijibane. Kisha pembeni mwa kila sentensi andika inafanya kazi gani. Mwisho wa mwalimu ulikuwa na kazi tano: sentensi ya kwanza inarudia ombi, ya pili inashukuru, ya tatu inamtakia msomaji mema, ya nne inatangaza kwamba mwandishi amemaliza na sasa uamuzi ni wa mwenye ofisi, na ya tano inasema mwandishi ni nani mbele ya msomaji.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ukiiruka utajikuta unatafsiri maneno. Maneno hayahami vizuri. Kazi ndizo zinazohama, na kila moja ina mahali pake pa kukaa katika barua pepe ya Kiingereza, isipokuwa moja ambayo haina mahali kabisa.

Hiyo ni ile ya nne. "Naomba kuwasilisha" tunaijua kutoka kwenye barua, taarifa za vikao, hata hotuba. Inafunga mlango kwa heshima. Katika barua pepe ya Kiingereza kazi hiyo hufanywa na mstari mtupu kabla ya jina lako, na neno lolote utakaloliweka hapo litakuwa la ziada. "I beg to submit" ifute bila kuitafutia mbadala.

Saini: chagua neno linaloendana na salamu ya juu

"Wako mtiifu" ina historia inayoeleza kwa nini hairudi vizuri kwenye Kiingereza. Maofisa wa Kiingereza wakati wa utawala wao walimalizia barua rasmi kwa maneno "I have the honour to be, Sir, your obedient servant". Utiifu huo ndio unaosikika mpaka leo katika barua zetu, hali Waingereza wenyewe wameshauacha katika mawasiliano ya kawaida. Ukiandika "Yours obediently" unamrudishia Mwingereza kitu cha babu yake. Kabla ya hapo barua za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilifungwa kwa "wasalaam", neno jepesi zaidi, na ukiniuliza mimi, lina undugu wa karibu zaidi na "Kind regards" kuliko alionao "Wako mtiifu".

Katika barua ya karatasi, Kiingereza cha Uingereza kina kanuni moja ambayo bado inafuatwa. Kama hujui jina la unayemwandikia na umeanza na "Dear Sir or Madam", unamaliza na "Yours faithfully". Kama umeanza na jina lake la ukoo, unamaliza na "Yours sincerely". Wamarekani hutumia "Sincerely" peke yake. Huku kwetu tulifundishwa hiyo ya kwanza tukaishika, na ndiyo sababu watu wengi huandika "Yours faithfully" hata kwa mtu waliyemtaja jina juu. Msomaji makini huliona kosa hilo mara moja.

Barua pepe imelegeza kamba hiyo. Neno la katikati, lisilomkosea mtu asiyekujua na lisilokufanya mgumu, ni "Kind regards". Linafaa iwe umeanza na cheo, na jina, au na jina la idara. "Best regards" iko karibu nalo sana. "Best wishes" ina joto kidogo zaidi, inafaa baada ya kuandikiana mara moja au mbili. "Regards" peke yake iogope: kwa wasomaji wengi wa Kiingereza ni baridi, na mtu aliyekuwa akikuandikia "Kind regards" akishuka ghafla hadi "Regards", huenda amekasirika. "Respectfully" inavutia kwa sababu inabeba neno lenyewe la heshima, lakini katika barua pepe ya kawaida inasikika kama ya mtu anayeleta pingamizi. Na "Yours in nation building", ambayo niliwahi kuiona kwenye barua ya kweli kwenda kwa mfadhili, ni "Wako katika ujenzi wa taifa" iliyovushwa mpaka bila pasi. Nje ya Tanzania hakuna anayejua ni taifa gani linajengwa wala msomaji anaingiaje humo.

Mwalimu alikuwa anaiandikia ofisi, akaanza na "Dear Admissions Team". Tukaweka "Kind regards", jina lake kamili, na chini yake namba ya maombi yake. Namba hiyo isichukuliwe kuwa jambo dogo. Kwa ofisa anayelazimika kutafuta faili, kuwekewa namba mahali anapoiona bila kupekua ni heshima kuliko kivumishi chochote.

Ombi: hapa ndipo heshima nyingi inapohamia

Sentensi ya kwanza ya mwalimu ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, na nadhani ndiyo inayowaangusha wengi.

"Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapewa uzito unaostahili" ni unyenyekevu kwa Kiswahili kwa sababu mwandishi amejiondoa. Hasemi "nipe". Anaongea juu ya ombi kana kwamba linatembea lenyewe hadi mezani kwa mkubwa. Kwa Kiingereza kauli hiyo ya kutendwa inaficha mambo mawili ambayo msomaji anayahitaji, yaani unataka nini hasa na lini. Halafu "the weight it deserves" inaongeza kitu usichokikusudia, kana kwamba unamkumbusha ofisa kuwa asipokubali atakuwa amekosa haki. Ndugu yake ni "I am waiting for your positive response". Kwetu ni matumaini tu, kwake ni jibu lililokwisha kupangwa.

Kiingereza kinaweka unyenyekevu wake katika kitenzi. Tunacho kitu kinachofanana nacho, ila hatukitumii tunapovuka. Linganisha "naomba uniongezee muda" na "ningeomba uniongezee muda". Hiyo "-nge-" inarudisha ombi hatua moja nyuma, inampa msikilizaji nafasi ya kupumua. "Would" na "could" zinafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo badala ya kutafuta maneno makubwa kama "humbly" au "kwa unyenyekevu mkubwa", badilisha kitenzi:

```
Would it be possible for me to send the transcript by Friday 14 March, one week after the deadline?
```

Sentensi hii ina tarehe, ina kipimo cha ombi, na ina alama ya kuuliza. Ofisa anaweza kuijibu kwa neno moja. Sisi tuliokuzwa tusimuulize mkubwa swali la moja kwa moja tunaiona kama ukali. Ni kinyume chake kwa msomaji huyu: swali linamwachia mamlaka ya kuamua, wakati kauli ya "it is my hope" inamwachia kazi ya kukisia.

Kisha ongeza mlango wa kukataa. Katika barua ya Kiswahili mlango huo upo ndani ya unyenyekevu wenyewe. Mkubwa anajua anaweza kukataa. Kwa Kiingereza uuweke wazi:

```
If that is not possible, I would be grateful for your advice on what I should do.
```

Mwalimu alisita hapa. Aliona kama anajikatia tamaa mapema. Nikamweleza kuwa mtu aliyepewa njia ya kukataa bila aibu anakuwa mwepesi wa kusaidia, na hata akikataa, sentensi hii inamfanya akuonyeshe njia nyingine. "I would be grateful" nayo ibakize. Hiyo ni "nitashukuru endapo" yetu, na ni moja ya vishazi vichache vinavyovuka mpaka vikiwa vizima.

Neno "kindly" linahitaji tahadhari. Kiingereza cha Afrika Mashariki kinalitumia kama tafadhali: "Kindly send", "Kindly confirm". Nairobi, Kampala au Dar es Salaam halina shida. Masikio mengi ya Uingereza na Marekani yanalisikia kama la mwenye nyumba aliyechoka kudai kodi. Ukimwandikia mtu wa huko, "please" au "could you" itakufikisha bila mkwaruzo.

Shukrani na samahani

"Natanguliza shukrani" ni tamu, na inapotea vibaya. "Thank you in advance" inasikika kama umeshampangia msomaji jibu. Ukiongeza "for your cooperation" inakuwa lugha ya tangazo la ukutani, lile linalokukataza kuegesha gari. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika sentensi hiyo kwa mtu wa ofisi moja ya ng'ambo niliyekuwa namkumbusha malipo, nikidhani nimemaliza kwa upole. Alinijibu kwa kuomba radhi mara tatu. Alidhani nimeghadhibika. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa namshukuru kutoka moyoni.

Dawa ni kushukuru kwa kitu ambacho tayari kipo. Kipo kila mara, ukitafuta. Msomaji ametumia muda kusoma: "Thank you for considering this". Au amewahi kukujibu jambo, nalo linatajika kwa jina lake. Mwalimu alikuwa ameshajibiwa swali la ada wiki iliyotangulia, tukaandika:

```
Thank you for considering this, and for your clear answer about the fees last week.
```

Nusu ya pili ndiyo inayobeba uzito wa "shukrani zangu za dhati". Udhati kwa Kiingereza hauonekani kwa kuandika "sincere" au "heartfelt". Unaonekana kwa kukumbuka alichokufanyia mtu.

"Samahani kwa usumbufu" inafuata njia hiyohiyo. "Sorry for any inconvenience caused" ni Kiingereza sahihi, ila imesemwa mno na vipaza sauti vya stesheni za treni mpaka imekuwa haina mtu ndani yake. Kama kweli unasumbua, utaje usumbufu: "I realise this means opening my file again". Kama husumbui, usiombe radhi.

Dua na heri

"Nakutakia kazi njema" haina sentensi ya Kiingereza inayolingana nayo. "I wish you good work" inaeleweka kwa shida, na inaweza kusikika kama mwalimu anamwambia mwanafunzi aongeze bidii. Kwa barua ya kwanza kwenda kwa ofisi, iache. Kwa mtu mnayeandikiana, ifunge kwenye jambo unalolijua: "I hope the conference goes well", "Have a good weekend" kama ni Ijumaa. Heri isiyofungwa popote inaelea.

"Mungu akubariki" iandike kwa mtu ambaye imani yake unaijua, kama mshirika wa kanisa au rafiki wa familia. Kwa ofisi ya umma ya Ulaya inamweka msomaji mahali asipojua ajibu nini.

Pima kabla ya kutuma

Soma mwisho wako kwa sauti, ukijifanya unaongea na mtu huyo kwa simu. "Would it be possible" inasemeka kwa simu. "I beg to submit" haisemeki. Sentensi ambayo mdomo unaikataa, iondoe. Kisha hesabu: kati ya maelezo ya mwisho na jina lako zisizidi sentensi tatu. Zikizidi, kuna kazi moja uliyoifanya mara mbili, na mara nyingi ni shukrani.

Majibu nayo yanakufundisha. Ofisi ikikujibu kwa kuuliza unahitaji nini, ujue ombi lako lilizama ndani ya adabu. Ikikujibu kwa kujitetea, kuna shinikizo uliloliweka bila kujua. Mtu akikuandikia mara ya pili akasaini "Best wishes" na jina lake la kwanza pekee, amekukaribisha ndani kidogo. Nawe mjibu kwa "Best wishes". Kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu kunatukwaza wengi wetu, na huna haja ya kukimbilia huko. Bakiza "Dear Professor" juu na ulegeze chini. Salamu ya juu inaweza kubeba heshima ambayo saini imeiachia.

Pasipotakiwa kulegeza

Haya yote ni ya barua pepe kwenda kwa msomaji aliyezoea Kiingereza cha Uingereza, Marekani na kwingineko kama huko. Ukiiandikia kwa Kiingereza wizara ya Kenya au Uganda, au taasisi ya umma ya hapa Tanzania, mambo yanageuka. Kule wanategemea mstari wa "RE:", "Yours faithfully", na pengine "I look forward to your favourable response". Ukimaliza kwa "Best wishes" utaonekana huna malezi. Kiingereza cha ofisi zetu na Kiswahili cha ofisi zetu ni mapacha, na hapo unaweza kuvusha karibu kila kitu, isipokuwa utiifu.

Pia kuna nyakati ofisi ya nje inahitaji barua rasmi yenye saini na muhuri, kwa mfano barua ya mwajiri kukuruhusu kwenda masomoni. Iandike barua hiyo kwa ukamilifu wake, "Yours faithfully" ikiwamo, uiweke kama kiambatisho. Barua pepe inayoibeba iwe na sentensi mbili au tatu na "Kind regards". Usinakili maneno ya kiambatisho kwenye barua pepe. Msomaji atakutana na adabu ileile mara mbili.

Mwisho wa mwalimu, ulipokamilika, ulikuwa huu:

```
Would it be possible for me to send the transcript by Friday 14 March, one week after the deadline? If that is not possible, I would be grateful for your advice on what I should do.

Thank you for considering this, and for your clear answer about the fees last week.

Kind regards,
```

Aliusoma mara mbili akasema bado kuna kitu kimebaki mkononi. Shukrani ile ya kutanguliza, ile ya kumshukuru mtu kwa kukubali, tumeipeleka wapi? Alikuwa sahihi, hatukuwa tumeipeleka popote. Mahali pake kwa Kiingereza ni baada ya jibu. Alipoongezewa wiki yake, na transkripti ilipotoka, aliituma siku hiyohiyo pamoja na maneno aliyokuwa ameyatunza:

```
Thank you for agreeing to the extension; it made all the difference. The transcript is attached.
```